Neva 12 za Fuvu Ndani ya Boma Moja: Mwongozo Kamili wa Kasri la Kumbukumbu

Mpwa wangu, anayesomea uuguzi mjini Kisumu, alinijia wiki nne kabla ya mtihani akiwa na ukurasa mmoja wa daftari uliokunjika pembe zote. Juu yake kulikuwa na majina ya jozi 12 za neva za fuvu, yaani mishipa ya fahamu inayopita kwenye fuvu la kichwa, kwa mpangilio, kuanzia ya kwanza hadi ya kumi na mbili. "Mjomba," aliniambia, "nikifika ya nane, yote yanapotea." Alikuwa ameyaimba kwa majuma mawili.

Nilimwomba anionyeshe mbinu aliyokuwa akiitumia, nayo ilikuwa ile inayopendwa na wanafunzi wengi wa afya: sentensi ya kuchekesha ambayo kila neno lake huanza kwa herufi ya kwanza ya neva fulani. Herufi hizo ni O, O, O, T, T, A, F, V, G, V, A, H. Ukizitazama kwa makini utaona kasoro yake. Tatu za kwanza zinafanana, na miongoni mwa zinazofuata kuna T mbili, A mbili na V mbili. Sentensi humkumbusha mwanafunzi kwamba neva ya tatu inaanza kwa O, lakini haimwambii ni O gani, wala haimwambii neva hiyo inafanya kazi gani. Ndiyo maana tuliiweka kando tukajenga kasri la kumbukumbu, yaani mahali anapopafahamu ambapo kila kitu cha kukumbukwa huwekwa katika kituo chake. (Ninaepuka kusema jumba la kumbukumbu, maana msomaji angedhani tunakwenda kwenye makumbusho ya Kisumu kutazama nyoka.)

Hatua ya kwanza: kuchagua mahali na kuvihesabu vituo

Kasri si lazima liwe jengo. Linaweza kuwa boma, barabara ya kutoka stejini hadi nyumbani, au shule uliyosoma zamani. Linalohitajika ni njia moja isiyobadilika, yenye vituo vinavyotofautiana, ambayo unaweza kuipita akilini huku macho yamefumbwa.

Mpwa wangu alianza kwa kupendekeza chumba anachopanga Nyalenda, lakini chumba kimoja chenye kitanda, jiko la gesi na ndoo mbili hakina vituo 12 visivyobanana. Akapendekeza soko la Kibuye. Nalo nililikataa, kwa sababu kibanda kimoja hufanana na kingine, na muuzaji akihama kituo kinahama naye. Tukakubaliana juu ya boma la mama yangu, yaani nyanya yake, kule Vihiga, alikokuwa akipelekwa kila likizo tangu utotoni.

Tuliviandika vituo kwa utaratibu ambao mgeni huvikuta akiingia: lango la mabati; mwembe; mwamba mkubwa unaoanikiwa nguo; zizi la ng'ombe; ghala la mahindi; jiko la nje; tangi la maji; baraza; kochi la sebuleni; meza ya chakula; kitanda cha nyanya; na mwisho mlango wa nyuma unaotokea migombani. Hivyo ni 12. Kila kimoja kina umbo lake, hakuna kinachoweza kuhamishwa kwa urahisi, na baina ya kimoja na kingine kuna hatua kadhaa.

Kabla ya kuweka chochote, kasri tupu lazima lijaribiwe. Nilimtaka apite akilini kutoka langoni hadi migombani, kisha arudi kinyumenyume kutoka migombani hadi langoni. Aliporudi aliruka tangi. Hilo lilituonyesha kwamba tangi halikuwa kituo imara kichwani mwake, basi akakaa dakika chache akikumbuka bomba lake linalovuja na ndoo ya buluu iliyo chini yake. Mtu asiendelee mpaka aweze kuvitaja vituo vyote, kwenda na kurudi, bila kusita. Wanaoruka jaribio hili huja kulalamika baadaye kwamba mbinu haifanyi kazi, ilhali kilichowaangusha ni kituo kimoja kisichoshika.

Kuna pia jambo la namba. Neva za fuvu huulizwa kwa namba, na hakuna anayetaka kuhesabu kutoka langoni kila anapoulizwa ya saba ni ipi. Mwandishi mmoja wa Kirumi aliyefundisha mbinu hii zaidi ya miaka 2000 iliyopita alishauri kila kituo cha tano kitiwe alama, kwa mfano mkono wa dhahabu, kwa sababu mkono una vidole vitano. Tukaupigilia mkono wa dhahabu kwenye mlango wa ghala, ambalo ni kituo cha tano, na mikono miwili ya dhahabu ikalala juu ya meza ya chakula, ambayo ni ya kumi. Sasa akiulizwa neva ya saba, anaruka moja kwa moja hadi ghalani, anasogea vituo viwili, naye yuko kwenye tangi.

Hatua ya pili: kuligeuza neno la kitaalamu liwe taswira

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Kasri hushika mpangilio tu. Halishiki sauti ya neno geni. Huwezi kuweka "glosofarinji" juu ya kochi, kwa sababu akili haioni kitu. Unapaswa kwanza kulivunja neno hilo katika sauti unazozijua, ukapata kitu kinachoonekana, kisha ukakifunga kitu hicho na kazi ya neva. Taswira iliyokamilika hujibu maswali mawili kwa mpigo: neva inaitwaje, na inafanya nini.

Sauti hutafutwa katika lugha unayoota nayo. Wanafunzi wetu husoma kwa Kiingereza na kudhani kwamba hata taswira lazima zitoke huko, kumbe Kiswahili, Kiluhya au Kijaluo hutoa mara nyingi sauti iliyo karibu zaidi. Mfano nilioupenda kuliko yote ni neva ya kumi na mbili, haipoglosi, inayosogeza ulimi. Mpwa wangu aliisoma kwa sauti mara mbili, akacheka, akasema: "Glosi haipo!" Alikuwa na maana ya ile glosi ya midomo. Basi kwenye mlango wa nyuma tukaweka ulimi mrefu, mkavu, uliojinyoosha hadi migombani ukipapasa huku na huku kutafuta glosi, nayo haipo. Ulimi unasogea, kwa hiyo kazi ya neva imo. Jina nalo limo.

Hatua ya tatu: kupita bomani na kuweka

Langoni kuna neva ya kwanza, olfaktori, ya kunusa. Ndani ya jina hilo mna "faktori", neno ambalo wakulima wa majani chai hulitumia kwa kiwanda, na Vihiga kuna kiwanda cha chai cha Mudete. Faktori nzima imekwama katikati ya lango, mabati yamepinda, na badala ya bomba la moshi ina pua kubwa inayovuta harufu ya chai kwa nguvu mpaka lango linatikisika. Zingatia kwamba taswira haikuwekwa tu kando ya lango. Inaligusa na kuliharibu. Kitu kilichosimama karibu na kituo bila kukigusa hupotea upesi.

Mwembe umebeba macho badala ya maembe, kila jicho limevaa miwani, na juu ya kila kioo mwalimu ametia tiki nyekundu: optiki, neva ya kuona. Juu ya mwamba jicho moja kubwa linakula mota ya kusagia mahindi, na kila likimeza linazunguka juu, chini na ndani, kope zikipanda na mboni ikisinyaa: okulomota, ambayo husogeza jicho sehemu kubwa ya mienendo yake, huinua kope na kuisinyaza mboni.

Neva ya nne, troklea, ilitusumbua. Jina lake ni la Kilatini lenye maana ya kapi, kwa sababu kano ya msuli unaoendeshwa na neva hii hupita katika kitanzi kilicho pembeni mwa tundu la jicho, kama kamba inavyopita kwenye kapi la kisimani. Tukawa na maana nzuri lakini sauti ya "kapi" haifanani na "troklea". Ikabidi tuongeze "toroka": zizini ndama anatoroka, kamba yake imepita kwenye kapi, na kwenye ncha nyingine ya kamba jicho linavutwa kutazama chini kuelekea puani. Ni taswira yenye vitu vingi kuliko ninavyopenda, na kama utakavyoona, ilileta shida.

Ghalani, chini ya mkono wa dhahabu, mlango umegeuka uso wenye meno matatu tu, unatafuna mahindi: trijemino, yenye matawi matatu, inayopeleka hisi za uso na kuendesha misuli ya kutafuna. Katika jiko la nje mzee Abdu amekaa akihesabu senti, na jicho lake moja limekodolea nje, upande wa mlangoni, asije akaibiwa: abdusensi, inayolipeleka jicho upande wa nje. Tangi limejifunga shali, lina uso unaocheka na kununa kwa zamu huku likilamba sukari kwa ncha ya ulimi: feshali, neva ya misuli ya uso na ya ladha katika theluthi mbili za mbele za ulimi.

Barazani pana konokono aliyevaa vesti, mwenye sikio kubwa mgongoni, anayepepesuka kama mlevi na kugonga nguzo. Neva ya nane ni vestibulokoklea, ya kusikia na ya usawa wa mwili, na koklea kwa asili ni jina la konokono, kwa kuwa kiungo hicho cha sikio la ndani kimejikunja kama ganda lake. Sehemu ya katikati ya neno hatukuihangaikia. Ukipata mwanzo na mwisho, katikati hujileta yenyewe.

Kwenye kochi farasi amejibwaga, nyuma ya ulimi wake ameupaka glosi nyingi mno hadi imemkwama kooni anapojaribu kumeza: glosofarinji. Juu ya meza, kati ya mikono miwili ya dhahabu, mtungi wa gesi umeota miguu na unazurura, mpira wake umeshuka sakafuni ukapitia moyoni, mapafuni na tumboni mwa mgeni aliyeketi: vagasi, jina lenye maana ya mzururaji, na kweli neva hiyo hushuka kutoka kichwani hadi kwenye viungo vya kifua na tumbo. Kitandani mwa nyanya amelala kijana wa duka la aksesori za simu, chaja na vipokea sauti vimemlemea mabegani, naye anayainua mabega na kugeuza shingo ili avitupe: aksesori, inayoendesha misuli ya shingo na mabega. Kisha mlango wa nyuma, na ulimi wetu usio na glosi.

Uwekaji wote ulichukua kama dakika 50, na nyingi kati ya hizo zilikwenda kwenye kutafuta sauti. Hiyo ni kawaida kwa anayeanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwafundisha watu wasio na uzoefu kwa nusu saa kila siku, siku 40. Walianza wakikumbuka wastani wa maneno 26 kati ya 72, wakamaliza wakikumbuka 62. Kasi hiyo haiji jioni ya kwanza.

Hatua ya nne: kurudi bomani kwa wakati

Taswira mpya huchakaa haraka zaidi katika siku ya kwanza, jambo ambalo Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilipima juu yake mwenyewe na kulichapisha mwaka 1885. Kwa hiyo ziara za mwanzo hukaribiana na za baadaye huachana. Ratiba tuliyoifuata ilikuwa hii: mara tu baada ya kumaliza kuweka, kisha baada ya saa moja, kisha kabla ya kulala, kesho yake asubuhi, siku ya tatu, siku ya saba, na baada ya wiki mbili. Kila ziara huchukua dakika mbili au tatu tu, na hufanywa daftari likiwa limefungwa. Kusoma tena orodha si ziara. Anayechungulia daftari kabla ya kujikaza kukumbuka anaifariji nafsi yake, naye atajua hivyo ndani ya chumba cha mtihani.

Kuanzia siku ya tatu nilimbadilishia maswali. Kwanza kwa namba: ya tisa ni ipi? Kisha kwa kazi: mgonjwa ameshindwa kulipeleka jicho upande wa nje, ni neva gani? Swali la namna hii ni gumu kwa mtu aliyezoea kupita bomani kwa mstari tu, kwa kuwa hujui pa kuanzia. Dawa yake ni kadi ndogo 12, upande mmoja kazi, upande wa pili jina na kituo, zilizochanganywa kila siku. Na kwa sababu mtihani huandikwa kwa Kiingereza, nilimtaka ayaandike majina yote kwa tahajia inayotakiwa angalau mara moja katika kila ziara. Konokono mwenye vesti hakufundishi herufi.

Kinachoharibika, na namna ya kukitambua

Siku ya tatu mpwa wangu alikosea mara tatu, na kila kosa lilikuwa la aina yake.

Kwenye kochi hakukuta kitu. Kituo kikiwa kitupu, kosa ni la kuunganisha: farasi alikuwa amelala juu ya kochi kwa utulivu, hana alichokifanya. Tulimfanya avunje mguu wa kochi na glosi imwagike juu ya vitambaa vya nyanya vya kufuma, ambavyo hakuna mjukuu anayethubutu kuvichafua. Hakusahau tena.

Zizini aliona ndama, kamba na kapi waziwazi, lakini neno halikuja. Taswira ikiwepo na jina lisije, kosa ni la sauti. Kurudia ziara hakutasaidia, unapaswa kulitafuta tena neno lenyewe. Tuliliondoa kapi, tukabakiza ndama anayetoroka akipiga kelele "tro! tro!", na kamba iliyofungwa moja kwa moja kwenye jicho. Maana ya kapi aliiandika kando kama maelezo ya kawaida.

Kosa la tatu lilikuwa la kubadilishana: aliitaja haipoglosi kwenye kochi. Glosi ipo katika neva mbili, na alikuwa amesahau kwamba moja imepakwa na nyingine haipo. Maneno yanayofanana yanahitaji tofauti inayoonekana kabla hayajawekwa, kwa hiyo tuliyapitia majina yote 12 tukitafuta miisho inayofanana. Troklea na koklea ndiyo jozi nyingine.

Kosa la nne hakulifanya, kwa kuwa nilimkataza. Wiki iliyofuata alitaka kuiweka mifupa ya kifundo cha mkono katika boma lile lile. Orodha mbili zilizo katika vituo vimoja ndani ya siku chache huingiliana, na taswira za zamani huzuka kama mashetani. Alitumia njia ya kutoka lango la shule yake ya msingi hadi darasa la nane. Orodha ya kudumu hupewa kasri lake peke yake. Orodha ya kupita, kama ya ununuzi, inaweza kuwekwa katika kasri la kazi ambalo huachwa siku mbili tatu lipoe.

Majina ya watu

Majina ya watu hayahitaji boma, maana hayana mpangilio. Kituo chake ni uso wenyewe. Ugumu wake ni kwamba jina kwa kawaida halimwelezi mwenyewe. Watafiti wa Uingereza walionyesha mwaka 1987 kwamba neno lile lile hukumbukwa kwa shida zaidi likiwa jina la mtu kuliko likiwa kazi yake.

Magharibi mwa Kenya tuna nafuu ambayo watu hao hawakuwa nayo, kwa sababu majina yetu mengi yana maana hai. Otieno alizaliwa usiku, Ochieng jua likiwaka, Opiyo ni pacha aliyetangulia na Odongo ni aliyefuata, Wekesa alizaliwa wakati wa mavuno. Ukimsikia mtu akijitaja, lirudie jina lake kwa sauti, chagua alama moja ya usoni isiyobadilika, kama vile nyusi, umbo la pua au kovu, usichague miwani wala mtindo wa nywele, kisha uweke maana ya jina juu ya alama hiyo. Otieno mwenye nyusi nzito: usiku unashuka kutoka nyusini na kumfunika uso.

Lakini maana pekee ina mtego. Katika wodi moja ya Nakuru unaweza kuwakuta Okoth, Wafula na Kiprop, wote wamezaliwa wakati wa mvua, mmoja Mjaluo, mwingine Mbukusu, wa tatu Mkalenjini. Ukikumbuka mvua tu, utamwita mmoja kwa jina la mwenzake, tena mbele ya jamaa zake. Kwa hiyo mvua lazima ipate sauti ya jina pamoja na maana: mvua ya Okoth inanyesha makoti juu ya paji la uso wake, ya Wafula inajaza fulana puani mwake, na ya Kiprop inadondoka kidevuni kwa sauti ya tone, "prop, prop". Kisha, kabla ya kutoka wodini, geuka mlangoni, watazame wote watatu kwa zamu, na uyataje majina yao moyoni. Usoni pasipokuja jina, rudi ukaulize hapo hapo. Kuuliza dakika kumi baada ya kutambulishwa hakumuudhi mtu.